Statini peke yake, au statini na aspirini? Ulinganisho kwa watu wa Kanda ya Ziwa ambao moyo haujawahi kuwasumbua

Kliniki ya presha na kisukari ikiisha, swali linalofuata huulizwa dirishani kwa mfamasia. Mtu ameandikiwa atorvastatini kwa ajili ya mafuta mabaya kwenye damu, lakini jirani yake au shemeji yake anameza pia ile aspirini ndogo ya miligramu 75. "Dokta, mbona mimi sijaandikiwa ile ya kulainisha damu?" Wengine hawaulizi, wanapita duka la dawa na kununua pakiti, kwa kuwa ni ya bei nafuu na haidai cheti.

Nalinganisha hapa njia hizo mbili kwa mtu wa aina moja tu: ambaye hajawahi kupata shambulio la moyo wala kiharusi, hajawekewa kibomba cha kuzibua mshipa wa moyo, na hajafanyiwa upasuaji wa mishipa hiyo. Kama wewe umepitia mojawapo ya hayo, aspirini yako ina kazi nyingine kabisa na haihusiki na maneno yangu. Usiiache kwa sababu ya makala haya. Vivyo hivyo mjamzito aliyepewa aspirini ili kuzuia kifafa cha mimba.

Msimamo wangu ni huu: kwa wengi wa watu hawa, statini inatosha. Na kwa aliyekulia kando ya Ziwa Victoria, kuna sababu ya ziada ya kuiogopa aspirini ambayo vikokotoo vya hatari vya Ulaya na Marekani havina hata kisanduku cha kuijaza.

Kila dawa inafanya nini

Shambulio la moyo huanza na utando wa mafuta uliojengeka ndani ya mshipa kwa miaka mingi. Siku moja utando ule unapasuka, na chembe sahani za damu, zile zinazogandisha damu ukijikata, zinakimbilia pale na kuganda hadi mshipa unaziba. Statini inashughulika na utando: inapunguza mafuta yanayoujenga na kuufanya usipasuke kirahisi. Aspirini haigusi utando. Inazilemaza chembe sahani zisishikane, na chembe ikishalemazwa haiponi mpaka ife na nafasi yake ichukuliwe na mpya, jambo linalochukua siku 7 hadi 10.

Chembe hizohizo ndizo zinazoziba kidonda cha tumbo kinachovuja, na ndizo zinazoziba mshipa mdogo wa ubongo uliochanika kwa presha. Aspirini haina namna ya kuchagua mahali. Tena inaondoa kemikali inayolinda ukuta wa tumbo dhidi ya tindikali, na inaiondoa kupitia damu, si kwa kugusa tumbo tu. Ndiyo maana vidonge vyenye ganda la kuyeyukia kwenye utumbo havimwondolei mtu hatari ya kutoka damu, hata kama mwenye duka atakuambia "hii haiumizi tumbo".

Statini haileti shida hiyo. Ina zake: baadhi ya watu huumwa misuli, na sukari inaweza kupanda kidogo. Na anayemeza amlodipini kwa ajili ya presha asipewe simvastatini zaidi ya miligramu 20, kwa sababu amlodipini huifanya ijae mwilini. Mwilini ikijaa, misuli ndiyo inayoumia. Atorvastatini ni salama zaidi kwa mtu huyo.

Tufanye hesabu ya mtu mmoja

Tumchukue mwanamume wa miaka 56, mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Ana kisukari, presha yake ni 152/94, havuti sigara, na mafuta mabaya, yale yanayoandikwa LDL kwenye karatasi ya maabara, ni 3.6. Hajawahi kuumwa moyo. Tuseme chati ya hatari imeonyesha kwamba kati ya watu 100 kama yeye, 14 watapata shambulio la moyo au kiharusi ndani ya miaka 10 wasipotibiwa chochote.

Atorvastatini ya miligramu 20 itaishusha LDL yake kwa takriban asilimia 40, yaani kutoka 3.6 hadi kama 2.1. Utafiti wa statini ulikusanywa kwa miaka mingi na umeonyesha kwamba kila LDL inaposhuka kwa kipimo kimoja kamili, hatari ya moyo na kiharusi hupungua kwa karibu moja ya tano. Yeye ameshusha kimoja na nusu, hivyo wale 14 wanabaki kama 10.

Sasa mwongezee aspirini. Majaribio makubwa ya watu wasio na historia ya moyo, yalipounganishwa mwaka 2019, yalionyesha kwamba aspirini inapunguza matukio haya kwa asilimia 11 hivi. Asilimia 11 ya watu 14 ni mmoja na nusu. Asilimia 11 ya watu 10 ni mmoja. Hapo ndipo siri ya ulinganisho huu ilipo, na ndipo wengi wanapoteleza: statini ikishafanya kazi yake, aspirini inakuta kazi imebaki ndogo, lakini hatari ya kutoka damu inabaki ileile kamili. Faida inapungua, gharama haipungui.

Gharama yenyewe ni ipi? Jaribio la ASCEND lilifanyika Uingereza kwa watu 15,480 wenye kisukari ambao moyo haujawahi kuwasumbua, na karibu robo tatu yao walikuwa tayari wanameza statini. Matokeo yalitoka mwaka 2018. Baada ya miaka 7 na zaidi kidogo, waliopata tatizo kubwa la moyo au mishipa walikuwa asilimia 8.5 kwenye aspirini na 9.6 kwenye kidonge kisicho na dawa. Waliotoka damu nyingi walikuwa 4.1 kwenye aspirini na 3.2 kwa wenzao. Kwa kila watu 1,000, takriban 11 waliokolewa na 9 waliumizwa.

Nikizivuta takwimu hizo hadi miaka 10 na kuziweka kwa watu 100 kama mfanyabiashara wetu, picha inakuwa hivi:

| | Bila dawa | Aspirini peke yake | Statini peke yake | Zote mbili |
|---|---|---|---|---|
| Shambulio la moyo au kiharusi | 14 | 12 au 13 | 10 | 9 |
| Kutoka damu nyingi | 4 | 5 au 6 | 4 | 5 au 6 |

Tazama safu wima mbili za mwisho. Aspirini imemwokoa mmoja na kumtoa damu mmoja, pengine mmoja na kidogo. Na bado hatujagusa presha yake. Kuishusha namba ya juu kwa vipimo 10 hupunguza hatari kwa takriban moja ya tano nyingine. Akifika 130, wale 10 watakuwa 6 au 7, na faida ya aspirini itashuka chini ya mtu mmoja kati ya 100. Kidonge cha presha kinamsaidia zaidi kuliko aspirini, na kinampunguzia hatari ya damu kuvuja kwenye ubongo badala ya kuiongeza. Ndiyo sababu mwenye presha ya 170 anayekuja kuomba aspirini naomba kwanza anionyeshe dawa zake za presha na aniambie alizimeza lini mara ya mwisho.

Kuna hoja nzuri ya upande wa pili na ni haki isemwe. Jaribio la TIPS-3, ambalo Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zake tisa, lilijaribu kidonge kimoja chenye simvastatini na dawa tatu za presha, pamoja na aspirini ya miligramu 75 au bila hiyo. Kati ya waliopewa kidonge hicho pamoja na aspirini, waliopata matatizo ya moyo walikuwa asilimia 4.1, na kati ya waliopewa vidonge visivyo na dawa walikuwa 5.8. Ni tofauti kubwa. Lakini aspirini ilipopimwa peke yake ilikuwa 4.1 dhidi ya 4.7, tofauti ambayo ingeweza kutokea kwa bahati tu. Kazi kubwa ilifanywa na statini na dawa za presha. Pia mtu ambaye aspirini ilionekana hatari kwake hakuingizwa kwenye jaribio, kwa hiyo matokeo yale hayamhusu mwenye vidonda vya tumbo anayejinunulia mwenyewe.

Kichocho, ambacho kikokotoo hakiulizi

Tuendelee na mtu wetu. Sasa hivi anaishi Kirumba, lakini alizaliwa na kukulia Ukerewe. Aliogelea ziwani kila siku, alivuta nyavu na babu yake, alichota maji ufukweni. Kichocho cha tumbo kimekuwa sehemu ya maisha ya visiwa na fukwe zetu kwa vizazi vingi. Minyoo yake hukaa kwenye mishipa ya utumbo, na mayai yasiyotoka na choo husombwa na damu hadi kwenye ini. Yakifika huko yanaacha makovu kandokando ya mshipa mkuu unaoingiza damu ndani ya ini. Makovu yakizidi, damu inashindwa kupita vizuri, inarudi nyuma, bandama linavimba, na mishipa ya koo la chakula inatanuka na kuwa na kuta nyembamba. Hiyo ndiyo mishipa inayopasuka mtu akatapika damu beseni zima.

Jambo la hatari ni kwamba kichocho kinaharibu njia ya damu lakini seli za ini zenyewe zinaendelea na kazi. Mtu hana macho ya njano, vipimo vya ini kwenye karatasi ni vya kawaida, hanywi pombe, anabeba gunia la dagaa kama kijana. Mtu wa namna hii, ukimjazia kikokotoo cha kutoka damu kilichotengenezwa Ulaya au Marekani, atatoka "hatari ndogo". Kikokotoo kitamuuliza umri, sigara na vidonda vya tumbo. Hakitamuuliza alichota maji wapi akiwa na miaka minane.

Dawa ya prazikwanteli inaua minyoo, na kila aliyekulia ziwani anafaa kuwa amewahi kuitumia. Lakini makovu ya zamani na mishipa iliyotanuka huweza kubaki miaka mingi baada ya minyoo kufa. Kwa hiyo jibu la "nilishatibiwa kichocho shuleni" halitoshi kumpa mtu aspirini.

Namna ya kujua si ngumu na haihitaji kusafiri mbali. Cha kwanza ni picha nzima ya damu, ile FBP inayopimwa karibu kila hospitali. Bandama likivimba hunyonya chembe sahani, kwa hiyo namba ya PLT ikiwa chini ya 150, swali la aspirini linasimama hapo mpaka sababu ijulikane. Kwenye karatasi hiyohiyo angalia hemoglobini, na ikiwa ndogo bila sababu inayoeleweka, huenda tayari kuna mahali damu inavuja taratibu. Cha pili ni mkono wa daktari chini ya mbavu za kushoto kutafuta bandama. Cha tatu ni utrasaundi ya tumbo, na mpimaji aambiwe wazi kwamba anatafuta makovu ya kichocho kandokando ya mshipa wa ini na ukubwa wa bandama, maana asipoambiwa anaweza kuandika "ini la kawaida" na kumaliza. Vikionekana, mgonjwa anahitaji kupimwa kwa kamera ya koo na tumbo kwenye hospitali ya rufaa kama Bugando, na aspirini ya kuzuia moyo inaondoka mezani. Statini inaweza kubaki, maadamu ini linafanya kazi vizuri.

Tuseme mfanyabiashara wetu amepima na PLT yake ni 118, bandama limepita mbavu kwa vidole viwili. Ule mmoja aliyeokolewa na yule mmoja aliyetoka damu kwenye jedwali hawalingani tena. Kwake upande wa damu umeshinda kwa mbali. Na ukumbuke hali halisi ya kwetu: mtu akitapika damu usiku kisiwani, anasubiri kivuko cha Rugezi asubuhi, na akifika ng'ambo bado anatafutiwa damu ya kuongezewa. Wale Waingereza wa ASCEND wengi walitoka damu wakiwa karibu na hospitali yenye kila kitu.

Mambo mengine yanayoipa damu ushindi

Kwenye orodha ya hatari, vidonda vya tumbo vinashika nafasi inayofuata kichocho. Vingi vinasababishwa na bakteria wanaoitwa H. pylori, ambao ni wengi sana katika jamii zetu. Utafiti wa HEAT, uliochapishwa mwaka 2022, uliwatibu bakteria hawa kwa wazee wanaomeza aspirini, na kutoka damu kwa vidonda kulipungua katika miaka miwili na nusu ya mwanzo. Kwa hiyo mtu anayelalamika kiungulia na maumivu ya chembe ya moyo apimwe na kutibiwa kwanza. Aliyewahi kutapika damu au kupata choo cheusi kwa sababu ya vidonda asianzishiwe aspirini ya kuzuia moyo ambao haujawahi kuugua.

Kisha kuna diklofenaki, ambayo wengi wanaiita diklopa. Hii inanisikitisha kuliko zote kwa sababu naiona kila siku. Mtu ana mgongo au magoti, anameza diklopa mbili tatu kwa siku kwa wiki kadhaa, na haihesabu kama dawa kwa sababu alijinunulia. Ukiuliza "unatumia dawa gani?" atakutajia za kliniki tu. Uliza hivi: "Ukiumwa mgongo au kichwa unameza nini?" Aspirini juu ya diklofenaki au ibuprofeni inazidisha sana hatari ya tumbo kutoka damu, na ibuprofeni ikitangulia huizuia aspirini isifanye hata ile kazi yake kwenye chembe sahani. Baadhi ya vidonge vya maumivu ya kichwa vina aspirini ndani yake tayari. Soma pakiti.

Umri nao una neno lake. Jaribio la ASPREE liliwapa aspirini ya miligramu 100 zaidi ya watu 19,000 wazee wenye afya, wengi wao wa miaka 70 na kuendelea, huko Australia na Marekani. Moyo haukupata faida ya maana, na kutoka damu nyingi kuliongezeka kutoka asilimia 2.8 hadi 3.8. Kikosi kazi cha kinga cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2022: aliyefika miaka 60 asianzishiwe aspirini kwa kusudi hili, na wa miaka 40 hadi 59 mwenye hatari ya asilimia 10 au zaidi aamue pamoja na daktari wake. Bibi wa miaka 72 anayeletewa aspirini na mwanawe kutoka mjini kama zawadi ya upendo haongezewi chochote zaidi ya hatari. Mletee mashine ya kupimia presha.

Nani basi anafaa kuongezewa aspirini?

Wapo, ila ni wachache. Namfikiria mwanamke au mwanamume wa miaka 45 au 50, mwenye kisukari au mvutaji sigara ambaye bado hajafaulu kuacha, au ambaye baba yake alipata shambulio la moyo mapema. Ameandikiwa statini lakini misuli yake inaikataa hata kwa kipimo kidogo, au anaimeza kweli na LDL bado iko juu. Hapo statini haijaipunguza ile hatari, kwa hiyo aspirini ina kazi iliyobaki. Presha yake imeshatulia chini ya 140/90. PLT na hemoglobini ni za kawaida, bandama halijavimba, tumbo halina historia, hamezi diklopa. Kama amewahi kupigwa picha ya CT ya moyo na kuonekana chokaa nyingi kwenye mishipa, alama 100 au zaidi, hoja inapata nguvu, maana utando tayari upo hata kama hajaumwa.

Mtu huyo apewe miligramu 75 kwa siku, si kukata aspirini ya maumivu ya miligramu 300 vipande vinne kwa kisu, kwa sababu vipande havilingani na siku nyingine atameza nusu. Aelezwe kwamba hii si dawa ya kumeza maisha yote: akikaribia miaka 60 hesabu inafanywa upya, na mapema zaidi akianza kuumwa tumbo au FBP ikibadilika.

Kwa ambaye tayari anameza bila kuandikiwa na hana historia ya moyo, kiharusi wala kibomba, beba pakiti yenyewe uende nayo kliniki, umwambie daktari uliianza lini na kwa nini. Mkikubaliana iachwe, haihitaji kupunguzwa kidogokidogo. Ila chembe zilizolemazwa zitaendelea kuwa mwilini kwa wiki moja hadi siku 10. Katika siku hizo, choo kikiwa cheusi na cha kunata kama lami, ukitapika damu au kitu kama masalia ya kahawa, au ukipata kizunguzungu cha ghafla unaposimama, nenda hospitali saa hiyohiyo na utamke neno aspirini mapokezi, hata kama kidonge cha mwisho ulikimeza siku nne zilizopita.